Kanuni Ifuate Picha, Si Simu

Shule nyingi za Tanzania haziruhusu mwanafunzi kuingia na simu. Ndiyo maana mzazi akipokea barua ya mkuu wa shule kuhusu wanafunzi kurekodiana na kupostiana mitandaoni, swali la kwanza linalomjia ni: hizo simu zilipitaje getini? Ni swali la haki, lakini halifiki kwenye kiini cha tatizo. Video inayomdhalilisha mwanafunzi si lazima irekodiwe ndani ya uzio wa shule. Inaweza kurekodiwa twisheni siku ya Jumamosi, kwenye daladala wakati wa kurudi nyumbani, au kwenye mahafali ambako karibu kila mgeni ameshika simu. Madhara yake ndiyo yanayorudi shuleni Jumatatu asubuhi, hata kama hakuna simu hata moja iliyovuka geti.

Barua inayosema "simu ni marufuku" na kuishia hapo inalinda geti. Haimlindi mtoto aliyerekodiwa. Barua inayofaa inaifuata picha yenyewe: nani yumo, aliombwa au hakuombwa, imekwenda wapi, na itaondolewaje. Hapa chini nimeandika mfano wa barua ya namna hiyo kwa shule ya sekondari ya kutwa. Baada yake tutaangalia kwa nini kila kanuni imewekwa na mahali inapoweza kukwama.

YAH: KANUNI ZA KUREKODI NA KUPOSTI WANAFUNZI

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Kanuni zifuatazo zinamhusu kila mwanafunzi wetu, awe anatumia simu yake, ya mzazi au ya kuazima. Awe shuleni, njiani, twisheni au nyumbani. Pale ambapo anayeonekana au kusikika ni mwanafunzi mwenzake.

1. Mwanafunzi hatamrekodi mwenzake kwa picha, video au sauti bila kumwomba na kukubaliwa kwanza. Chooni na mahali pa kubadilishia nguo hairuhusiwi kurekodi kabisa.

2. Kukubali kurekodiwa si kukubali kupostiwa. Kabla ya kuposti, mwenzake aonyeshwe kinachopostiwa, aambiwe kinapostiwa wapi, na akubali upya. Kama ni mahali panapoonwa na watu wote, mzazi wake naye akubali.

3. Anayepokea na kutuma kwa wengine, au anayetengeneza stika kutokana na picha hiyo, amevunja kanuni sawa na aliyerekodi.

4. Aliyekubali anaweza kubadili mawazo wakati wowote. Akisema itolewe, itolewe siku hiyohiyo bila kudaiwa sababu.

5. Mwanafunzi aliyerekodi kitendo cha ukatili, kiwe kimefanywa na mwanafunzi, mwalimu au mtu mwingine, hataadhibiwa kwa kurekodi. Aipeleke rekodi hiyo kwa mzazi, mwalimu wa malezi, ofisi ya ustawi wa jamii au polisi. Asiiposti.

6. Picha ya utupu ya mwanafunzi isipigwe skrinshoti wala kutumwa kwa mtu yeyote, hata kwa mwalimu au mzazi kama ushahidi. Simu yenyewe iletwe ikiwa hivyo ilivyo.

7. Aliyekosea akijitokeza mapema na kusaidia kuiondoa, jambo hilo litazingatiwa. Aliyerekodiwa hatalazimishwa kusamehe mbele ya watu.

Tafadhali zisome na mwanao, mjaze kipande kilichopo chini, na kirudishwe kwa mwalimu wa darasa.

Natanguliza shukrani.

Mkuu wa Shule

Kwa nini ruhusa iombwe mara mbili

Kanuni ya kwanza na ya pili zimetenganishwa makusudi. Msichana anaweza kukubali rafiki yake amrekodi akicheza ngoma ya kikundi chao, kwa sababu anajua video itabaki kwa watu watano waliokuwepo. Hajakubali ionwe na kaka zake, na mchungaji au ustadhi wake, na watu asiowajua. Watoto wengi wakiulizwa kwa nini waliposti, hujibu, "Lakini alikubali nimrekodi." Wanasema kweli kuhusu kurekodi. Kuposti ni jambo jingine, na barua isipolitaja, mtoto hana namna ya kujua kwamba alitakiwa kuuliza tena.

Namna ya kuuliza nayo ina maana. Mvulana anayeulizwa "tukuposti?" mbele ya wenzake sita wanaocheka hawezi kukataa kirahisi, kwa sababu akikataa ataitwa mshamba. Mwalimu wa malezi anapowafundisha wanafunzi kanuni hii, awaambie wazi kwamba muulizwaji aulizwe akiwa peke yake, na kwamba kucheka, kunyamaza au kuinua mabega hakuhesabiki kuwa ni kukubali.

Mzazi anaingizwa kwenye kanuni ya pili kwa sababu sheria ya nchi imeziweka taarifa za watoto katika kundi linalohitaji uangalifu wa ziada. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa zinazohusu watoto kuwa taarifa nyeti, na taarifa nyeti zinahitaji idhini ya maandishi. Sheria hiyo inazilenga zaidi taasisi zinazokusanya taarifa za watu, shule zikiwemo, kuliko vijana wawili wanaotumiana video. Kwa sababu hiyo mkuu wa shule hawezi kuitegemea sheria peke yake, na analazimika kuweka kanuni za shule zinazozungumza moja kwa moja na mwanafunzi.

Sekunde 12 za Jumamosi

Tuchukue mfano. Mvulana wa kidato cha pili anasoma aya ya Kiingereza mbele ya wenzake twisheni. Neno moja linamshinda, analitamka vibaya, watu wanacheka. Mwenzake aliyekuja na simu ya dada yake amerekodi sekunde 12. Jioni anaiweka kwenye stetasi ya WhatsApp na maneno mawili ya kejeli. Usiku mmoja wa walioiona anairekodi kutoka kwenye kioo cha simu na kuituma kwenye grupu la darasa. Jumapili mwingine anakata uso wa yule mvulana na kuufanya stika. Jumatatu kila anaposimama kujibu swali, darasa zima linalitamka lile neno. Jumatano haji shule, na nyumbani anasema anaumwa tumbo.

Hapa kuna watu watatu waliofanya mambo matatu, na wa kwanza peke yake ndiye aliyekuwa na kamera. Ndiyo kazi ya kanuni ya tatu. Shule ikimwadhibu aliyerekodi na kumwacha aliyetengeneza stika, wanafunzi wanajifunza kwamba kosa ni kuwa wa kwanza. Na kwa yule mvulana, stika ndiyo mbaya kuliko video, kwa sababu video hutazamwa ikasahaulika, bali stika hutumiwa kila siku katika mazungumzo yasiyomhusu kabisa.

Sasa mzazi wa aliyerekodi anapigiwa simu na mwalimu wa darasa Jumamosi hiyohiyo usiku. Atakachotamani kufanya kwanza ni kumnyang'anya mtoto simu na kufuta. Asubiri kidogo. Stetasi ya WhatsApp inapokuwa bado iko hewani, mwenye nayo anaweza kuona orodha ya walioitazama, isipokuwa wale waliozima taarifa za kusoma. Akiifuta kwanza, orodha inapotea, na hatajua tena ni kina nani wa kuwafuata. Kwa hiyo apige picha orodha hiyo kwanza, pamoja na tarehe na saa, kisha ndipo afute. Majina yaliyomo ndiyo yatakayoulizwa mmoja mmoja: umeihifadhi, umeituma kwa nani?

Kwenye grupu mambo ni tofauti. Ujumbe wa WhatsApp unaweza kufutwa kwa kila mtu, lakini aliyeutuma ana muda wa siku mbili na kidogo tu, na kufuta huko kunaondoa ujumbe uliomo kwenye grupu lile. Nakala ambayo mtu ameshaituma kwenye grupu jingine inabaki, na aliyoihifadhi kwenye simu yake inabaki pia. Admini wa grupu anaweza naye kuufuta ujumbe wa mwanachama kwa wote, jambo linalosaidia pale aliyetuma anapojificha. Hii ndiyo sababu mwalimu wa darasa anatakiwa kujua admini wa grupu la wanafunzi ni nani, hata kama yeye mwenyewe hamo.

Stika haifuatiliki kwa njia hizo. Kila aliyeihifadhi anaitoa mwenyewe kwenye simu yake. Aliyeitengeneza akitumwa kuwapitia waliomo kwenye orodha na kuhakikisha wameiondoa, anafanya kazi ngumu na ya aibu, na anajifunza jambo ambalo fimbo haiwezi kumfundisha: kurusha kulimchukua sekunde, kuondoa kunamchukua wiki, na hata hivyo hana hakika kama ameimaliza. Shule nayo isimwahidi mzazi wa mvulana yule kwamba video imefutika kabisa. Iseme kilicho kweli: imeondolewa kwenye magrupu tunayoyajua, fulani na fulani wamethibitisha, na tukiiona tena tutaanza upya.

Kuhusu adhabu, viboko vikiwekwa mbele, walioiona video wote hunyamaza, na kila mmoja huificha nakala yake. Kinachohitajika katika siku mbili za kwanza ni watu waseme wameituma wapi. Ndiyo maana barua inasema anayejitokeza mapema atazingatiwa. Na kanuni ya saba inamalizia kwa aliyerekodiwa, kwa sababu shule zetu zina desturi ya kuwapeleka wote wawili mstarini asubuhi, washikane mikono mbele ya shule nzima. Kwa mvulana aliyechekwa na darasa, hapo ni kumweka mbele ya watu mara ya pili. Aulizwe faraghani anataka nini: radhi ya ana kwa ana, barua, au mwenzake kukaa mbali naye kwa muda.

Polisi wanaingia wapi

Mambo mengi ya namna hii yanamalizwa na shule na wazazi. Hata hivyo mzazi ajue mpaka uko wapi. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kutuma ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumtisha mtu, kumbughudhi au kumsababishia maumivu ya moyo. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Neno zito hapo ni nia. Video moja ya kijinga iliyofutwa jioni ileile si sawa na stika inayotumwa kwa mvulana mwenyewe kila usiku kwa wiki tatu.

Wazazi wengine hudhani mtoto hagusiki kisheria. Kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu, aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kwa jinai, na aliye chini ya miaka 12 hawajibiki mpaka ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa anachofanya ni kosa. Mwanafunzi wa kidato cha pili kwa kawaida ameshapita umri huo, ingawa shauri lake litasikilizwa Mahakama ya Watoto. Tena kuna jambo la karibu zaidi: laini anayotumia mtoto imesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA cha mtu mzima. Namba ikifuatiliwa, jina la kwanza kuonekana ni la mzazi, au la huyo dada aliyeazimwa simu.

Picha za utupu ziko kwenye kundi lake peke yake, na hapo ndipo wazazi wenye nia njema huharibu. Mama anaiona picha ya binti wa jirani kwenye simu ya mwanawe, anashtuka, anaituma kwa mwalimu "uone mwenyewe", mwalimu anaituma kwa mkuu wa shule. Picha imesafiri mara mbili zaidi kwa mikono ya watu wazima. Kifungu cha 13 cha sheria hiyohiyo kinahusu picha za ngono za watoto, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 50, au kifungo kisichopungua miaka saba, au vyote. Kwa hiyo kanuni ya sita haina ubaguzi. Andika kwenye karatasi ulichokiona, saa na namba iliyotuma, kisha peleka simu yenyewe kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Asiyejua aanzie wapi anaweza kupiga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto.

Kwa binti mwenyewe ipo pia huduma ya bure inayoitwa Take It Down, ya kituo cha Marekani kinachoshughulikia watoto waliopotea na kunyanyaswa, na inatumika hata na walio nje ya nchi hiyo. Simu yake inatengeneza alama ya kidijitali ya picha, na alama hiyo peke yake ndiyo inayotumwa. Picha haitoki kwenye simu. Mitandao iliyojiunga, ikiwemo Facebook, Instagram na TikTok, hutumia alama hiyo kuitafuta na kuizuia. Ina kikomo chake: picha inayotumwa kwa ujumbe uliofungwa, mtu kwa mtu, haifikiwi kwa njia hiyo.

Kanuni isije ikaficha maovu

Mwezi Oktoba 2016 ilisambaa nchini video ya walimu waliokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo wakimpiga kikatili mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Mbeya Day. Bila rekodi hiyo, Watanzania wengi wasingejua, na hatua za serikali zilikuja baada ya video kuonekana. Mkuu wa shule anayeandika kanuni za kurekodi lazima ailenge kumbukumbu hiyo moja kwa moja, maana wazazi wataikumbuka tu. Wataona kwamba shule inayokataza kurekodi inajilinda yenyewe.

Kanuni ya tano ndiyo jibu, nayo inahitaji kusimamiwa kwa uaminifu. Rekodi ya ukatili ni ushahidi, na aliyeichukua asiguswe. Lakini katika tukio lile la Mbeya, uso wa kijana aliyepigwa nao ulizunguka nchi nzima, akionekana katika dakika ambayo hakuna mtu angependa kuonekana. Ushahidi unafanya kazi yake ukifika kwa mtu mwenye mamlaka ya kuchukua hatua. Kumbuka kwamba barua imetaja milango minne, na mitatu kati yake iko nje ya shule kabisa. Hiyo ni makusudi. Kama mlalamikiwa ni mwalimu, mwanafunzi asilazimike kuipeleka video kwa mwalimu.

Shule na wazazi nao wanarekodi

Kanuni hizi hazitaheshimiwa na wanafunzi kama watu wazima wanafanya kinyume. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Picha za shule kwa kawaida ni za furaha: mahafali, michezo, watoto wenye vyeti. Kosa halikuwa ubaya wa picha. Kosa lilikuwa kutoomba.

Na mzazi aliyekuja kwenye mahafali amrekodi mwanawe kwa uhuru. Watoto wa wengine wakionekana nyuma, video hiyo ni ya kuangaliwa nyumbani. Akitaka kuiposti, achague kipande ambacho mwanawe yuko peke yake, na asiandike kwa pamoja jina kamili, shule na mtaa wanakokaa.

Ndiyo sababu kipande cha kukata chini ya barua kinatakiwa kuwa na maswali matatu yanayojibiwa kila moja peke yake, ndiyo au hapana: picha ya mtoto ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule? Itumwe kwenye grupu la wazazi wa darasa lake? Iwekwe kwenye kurasa za shule mitandaoni? Mzazi anaweza kukubali la kwanza na kukataa la tatu, na anaweza kubadili jibu lake katikati ya mwaka kwa barua fupi. Chini yake zinakaa sahihi mbili, ya mzazi na ya mwanafunzi mwenyewe, kwa sababu picha ni ya mwanafunzi. Kipande kisiporudi, shule ihesabu majibu yote matatu kuwa hapana, na mwalimu wa darasa awe na orodha hiyo mkononi kabla mpiga picha hajaanza kazi.